Faili lisilofunguka

*Shikamoo Daktari. Msimamizi wangu alinirudishia sura ya tatu ya tasnifu yangu ikiwa na maoni yake. Zimepita wiki saba na sijalifungua lile faili. Kila nikikaa nilifungue tumbo linakaza, mara najikuta nafua, nafagia, najibu meseji za watu wote. Nimeshajipangia ratiba mara mbili, zote zikafa siku ya pili. Kazini wananiita mchapakazi, kwa hiyo uvivu sidhani. Nianzie wapi?*

Marahaba, mdogo wangu. Tuanzie kwenye tumbo, maana katika yote uliyoyaandika hapo ndipo penye habari. Mtu anayekosa muda hakazwi na tumbo. Mvivu naye hafui wala hafagii. Wewe unafanya kazi kutwa, ila kila kazi unayoishika inakuwa ya kukupitisha mbali na faili moja.

Wataalamu wawili wa saikolojia, Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, waliandika mwaka 2013 kwamba kuahirisha mambo kwa kiasi kikubwa ni njia ya kutuliza hisia za wakati huo. Hukimbii kazi, unakimbia unavyojisikia ukiisogelea. Sasa angalia kinachotokea ukiacha faili na kwenda kufua: ndani ya dakika moja tumbo linalegea. Unapata nafuu, na nafuu ile ni ujira. Mwili wako umelipwa kwa kukimbia, na kinacholipwa hurudiwa. Kwa wiki saba umekuwa ukifanya mazoezi ya kukimbia kila siku, na umelipwa papo hapo kila mara. Ndiyo maana kujikaripia hakujasaidia. Karipio linaongeza ubaya wa hisia zilizolizunguka faili, na hisia zikizidi ubaya, nafuu ya kukimbia nayo inazidi utamu.

Hapo pia utaona kwa nini ratiba zako zilikufa. Sijaziona, lakini nimeona za wengine wengi, na karibu zote zinafanana: "Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 usiku hadi saa 5, sura ya tatu." Ratiba ya namna hiyo inamdai mtu aliyeshindwa kuvumilia dakika moja avumilie saa tatu. Siku ya kwanza anasukumwa na hamu ya kuanza upya. Siku ya pili hamu imepoa, saa tatu ziko palepale, na tumbo linakumbuka.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Shida yako haiko kwenye kuoga. Ukishaingia majini utaoga, kazini wanakusifu kwa hilo. Shida iko kwenye kuvua nguo, kwenye kile kipande kifupi kati ya "sijaanza" na "nimeanza". Kwa hiyo tutakishughulikia kipande hicho peke yake, tukipunguze hadi kisistahili kukimbiwa, kisha tukipe saa yake.

Kwanza tutafute mahali hasa panapouma. Fumba macho ujione ukifanya kazi hiyo polepole, kama unatazama filamu ya mtu mwingine. Unakaa mezani. Unawasha kompyuta. Unafungua barua pepe. Unaliona jina la msimamizi. Unabonyeza ujumbe wake. Unasoma mistari yake miwili mitatu ya juu. Unapakua faili. Linafunguka, pembeni unaona vile visanduku vya maoni. Unasoma kisanduku cha kwanza. Sasa niambie, tumbo lilikaza wapi? Kuna anayekazwa kwenye jina la msimamizi, kwa sababu ya aibu ya kukaa kimya. Kuna anayekazwa anapoona wingi wa visanduku. Mwingine ni kile cha kwanza, anachohofia kimeandikwa "sura hii yote irudiwe". Mahali penyewe ni muhimu kupajua, maana hatua ya kwanza inatakiwa ipite pale pale panapouma, tena kwa haraka. Ikiishia kabla ya hapo haijafanya kitu.

Kosa la kwanza hutokea hapa. Ukimwambia mtu apunguze hatua ya kwanza, anachagua kupanga meza, kununua daftari jipya, kupakua programu ya kupanga muda, au kutafuta makala mbili za kusoma kabla ya kuanza. Hatua hizo ni ndogo kweli, lakini hazigusi kazi. Ni kufagia kwa jina jingine. Mimi hupima hivi: hatua ikiisha, je, kazi yenyewe imebadilika hata kidogo, au najua jambo kuihusu ambalo jana sikulijua? Kama jibu ni hapana, hayo yalikuwa maandalizi, na maandalizi ya kazi inayoogopwa hayana mwisho.

Kipimo cha pili ni mwisho unaoonekana. "Kuanza kuangalia maoni" si hatua, kwa sababu mtu aliyesimama mlangoni hawezi kusema umemaliza au bado. "Kuhesabu visanduku vya maoni na kuandika idadi kwenye karatasi" ni hatua. Ina kitendo, ina kitu cha kuonyesha, na ikiisha imeisha.

Kipimo cha tatu ni lile tumbo lenyewe. Ijaribu hatua kichwani. Ikikaza bado, ikate nusu. Ikikaza tena, ikate tena. Watu wengi huona aibu hapa, wanaona hatua imekuwa ya kitoto. Mimi mwenyewe niliwahi kupokea bahasha kutoka ofisi fulani, nikaiweka kabatini na kuipita kila siku kwa wiki tano. Mtu wa kazi yangu! Hatua niliyojipangia mwisho wa yote ilikuwa kuchukua mkasi, kukata ukingo wa bahasha, na kuirudisha kabatini bila kusoma. Niliifanya kwa nusu dakika. Kesho yake niliisoma. Walikuwa wanataka saini yangu, na tarehe ya mwisho ilikuwa imepita kwa siku tisa. Kwa hiyo bahasha haikuwa na simba, lakini pia haikuwa bure. Nililazimika kwenda kueleza. Lakini siku tisa hueleweka, miezi tisa ni habari nyingine.

Sasa tuje kwenye faili lako. Siku ya kwanza utafanya jambo moja: utalipakua, utalipa jina jipya ili nakala ya msimamizi ibaki salama, kisha utateremka nalo kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho ukihesabu visanduku. Usisome. Macho yataiba neno hapa na pale, yaache, lakini usisimame. Andika idadi kwenye karatasi, funika kompyuta, ondoka. Kazi hiyo ni ya dakika nne au tano.

Kwa nini kuhesabu? Kwa sababu kwa wiki saba kichwani mwako maoni hayo yamekuwa kitu kimoja: hukumu. Ukiyahesabu yanageuka kuwa vitu. Nilikaa na mwanafunzi mmoja aliyekuwa kwenye hali kama yako, aliyeniapia kwamba ana "maoni kama mia mbili". Tulihesabu pamoja, yakawa 41. Alicheka, kisha akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe naweza kuyafikia." Yalikuwa bado 41 na bado yalikuwa na kazi nzito, lakini 41 ni namba, na namba inapungua.

Siku ya pili unasoma, ila si kwa kujibu. Chukua maoni kumi ya mwanzo, na kila moja ulipe herufi moja tu: R kama ni rahisi, yaani unajua la kufanya na halizidi dakika tano, F kama linataka kufikiri, U kama huelewi anachotaka na inabidi uulize. Marufuku kurekebisha chochote, hata koma iliyokosewa. Inaonekana ni ukali usio na maana, lakini ukianza kurekebisha utakwama kwenye la tatu, na utaondoka mezani ukiwa na ushahidi mpya kwamba kazi hii haiwezekani. Siku ya tatu na ya nne malizia herufi zilizobaki.

Yule mwanafunzi alipomaliza alikuwa na R 26, F 11 na U 4. Hicho ndicho hutokea mara nyingi, ingawa uwiano hutofautiana. Sehemu kubwa ya maoni ni tarehe iliyosahaulika, jedwali lisilo na kichwa, sentensi ndefu mno, rejea iliyokosa mwaka. Yaliyokuwa yakimtisha kweli yalikuwa 11. Manne yaliyobaki hayakuwa kazi yake peke yake, yalikuwa ya kuuliza. Kuanzia siku ya tano alifanya R tatu kila kikao, hapo ndipo mwendo ulipoanza kuonekana. Zile F hakuzigusa mpaka R zilipobaki chache, na kila F aliiandikia kwanza hatua yake ndogo. Kwa mfano, pale msimamizi alipoandika "fafanua kwa nini umechagua sampuli hii", hatua haikuwa kufafanua. Hatua ilikuwa kuandika sentensi moja mbaya inayoanza na "Nilichagua sampuli hii kwa sababu". Sentensi mbaya hurekebishwa, ukurasa mtupu haurekebishiki.

Hayo yote hayatatokea bila saa. "Kesho asubuhi" si saa. "Nikipata nafasi" ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu nafasi haipatikani kwa kazi inayokaza tumbo, kila kitu kingine kitaijaza. Mwaka 1997 Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter walichapisha jaribio ambalo hulitumia sana kwa sababu ni dogo na linaeleweka. Wanafunzi waliombwa waandike taarifa fupi ya jinsi walivyoutumia mkesha wa Krismasi, na waiandike ndani ya siku mbili baada ya mkesha huo. Nusu yao waliombwa kitu kimoja zaidi: waandike mapema ni saa ngapi na mahali gani watakaa kuiandika. Kati ya walioandika saa na mahali, karibu robo tatu walifanya kwa wakati. Kati ya wale ambao hawakuandika, ilikuwa kama theluthi moja. Wote walikuwa na nia ileile na kazi ileile. Tofauti ni kwamba kundi moja lilishamaliza kuamua kabla wakati haujafika.

Jambo lenyewe liko hapo. Kila unapojiuliza "nianze sasa au baadaye kidogo?", unafungua mjadala, na katika mjadala huo tumbo lina kura. Ukiwa umeamua tangu jana, leo hakuna mjadala. Kuna ishara, na baada ya ishara kuna kitendo. Gollwitzer huita mipango hii nia za utekelezaji, na umbo lake ni "ikitokea hili, nafanya lile". Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 ya aina hiyo na kukuta mipango hii inasaidia kwa kiwango cha kuridhisha. Haifanyi miujiza, lakini kwa kitu kinachogharimu sentensi moja, ni nafuu mno.

Ishara yako iwe kitu kinachotokea hata usipotaka. Mimi napendelea tukio kuliko saa ya ukutani, na bora zaidi ni tukio lenye saa. Tuseme kila asubuhi unapiga mswaki na kwa kawaida unamaliza kabla ya saa 1:10. Sentensi yako itakuwa: "Nikishaweka mswaki chini, nakaa kwenye meza ya chumbani na kufungua faili la sura ya tatu, alamu ya saa 1:10 ikilia nikiwa bado sijakaa, nakaa." Iandike kwa mkono. Mahali pawe palepale kila siku, kiti kimoja. Simu baada ya kulia ibaki chumba kingine, au ndani ya begi lililofungwa, kwa sababu kama iko mezani utaenda kwayo wakati tumbo likikaza, na utaona kama umeenda bila kuamua.

Umesema jioni ndiyo hupata muda? Hukusema, lakini wengi husema. Kazi ya kuogopwa ikiwekwa jioni inakutia kivuli kutwa nzima, na ikifika saa yake umeshachoka kujitetea. Kama asubuhi haiwezekani kabisa, chukua mara tu unapofika kutoka kazini, kabla hujabadilisha nguo. Ukishakaa kwenye kochi, imeisha.

Angalia pia kwamba nimekupa saa ya kuanza, sikukupa tarehe ya kumaliza. Tarehe ya kumaliza ni makisio, na sisi binadamu tuko hovyo katika makisio ya kazi zetu wenyewe. Roger Buehler na wenzake, mwaka 1994, waliwauliza wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu watamaliza baada ya siku ngapi. Kwa wastani walisema kama siku 34. Kwa uhalisia zilikwenda zaidi ya 55. Ratiba iliyojengwa juu ya makisio hayo inakuonyesha uko nyuma kuanzia wiki ya kwanza, na kuwa nyuma kunarudisha tumbo. Kukaa kwenye kiti saa 1:10 hakuhitaji makisio. Ulikaa au hukukaa.

Na kikao kina mwisho: dakika kumi kwa siku tano za mwanzo. Alamu ya pili ikilia, simama, hata kama kazi imeanza kunoga. Wenzangu kadhaa hatukubaliani hapa, wao husema moto ukiwaka uache uwake. Mimi nimeona wanaoacha uwake. Anakaa saa nne siku ya pili, anafurahi, anapiga simu kwa rafiki kueleza, na siku ya tatu kile kiti kinamaanisha saa nne. Hatua imekua bila yeye kuikuza. Kipimo kipya ni kikubwa kuliko kile kilichomshinda, na kinamshinda. Ukisimama mapema, tena katikati ya sentensi, kesho unaingilia mahali palipo wazi. Maria Ovsiankina alionyesha tangu mwaka 1928 kwamba watu waliokatizwa kazi katikati huirudia wenyewe wakipewa nafasi, hata bila kuambiwa. Kwa hiyo acha mkia nje. Ukifunga kikao, usifunge faili. Liache pale ulipoishia, funika kompyuta tu. Kesho ukiinua kifuniko uko ndani tayari, umeshavua nguo.

Baada ya siku tano unaweza kwenda dakika 20, kisha 25. Sipendi mtu avuke 45 kwenye kazi ya namna hii katika mwezi wa kwanza, na kama ukiona kukaa kumeanza kuwa kugumu, rudi kumi bila kuomba radhi.

Utajuaje kwamba mpango umeanza kuharibika kabla haujafa? Dalili ya mapema ninayoiamini ni kuchelewa kidogo kidogo. Jumatatu ulikaa 1:10, Jumanne 1:14, Jumatano 1:25. Hapo usijilaumu na usiongeze alamu. Angalia hatua uliyojipangia kwa siku ile, utakuta imenenepa: ilikuwa "R tatu", imekuwa "kumaliza ukurasa". Ipunguze. Dalili nyingine ni kukaa kwa wakati lakini kufanya kitu kando ya kazi, labda kupanga upya orodha ya rejea au kubadilisha ukubwa wa herufi. Hapo saa ni nzuri, hatua ndiyo haijagusa panapouma. Na kama hukai kabisa, ingawa hatua ni ya dakika mbili, basi ishara yako ni mbovu. Pengine asubuhi ile kuna mtoto wa kuamsha au gari la kuwahi. Badilisha ishara, hatua iache ilivyo.

Siku moja itapotea, nakuhakikishia. Hapo ndipo mipango mingi huzikwa, na si kwa siku yenyewe, bali kwa kile mtu anachofanya kesho yake: anataka kufidia. Dakika kumi za jana na kumi za leo, ishirini. Siku mbili zikipotea, arobaini. Deni linakua, tumbo nalo. Hakuna fidia. Kesho ni saa 1:10, hatua ileile, dakika zilezile. Michael Wohl, Pychyl na Shannon Bennett waliwafuatilia wanafunzi katika mitihani miwili mwaka 2010, wakakuta kwamba waliojisamehe kwa kuahirisha kusoma kabla ya mtihani wa kwanza waliahirisha kidogo zaidi kuelekea wa pili. Kujisamehe hapa hakumaanishi kujidanganya kwamba hukukosea. Maana yake ni kwamba jana haipewi kiti kwenye meza ya leo.

Kuna kazi ya pili iliyojificha nyuma ya faili, nayo ni ukimya wako kwa msimamizi. Nadhani hiyo ina sehemu kubwa ya tumbo lile. Watu huipanga mwisho: "Nikimaliza sura ndipo nitamwandikia, niwe na kitu cha kuonyesha." Matokeo yake kila siku ya kazi inaongeza siku ya ukimya. Andika siku ile utakapomaliza kuweka herufi, siku ya nne, kwa sababu utakuwa na jambo la kweli la kusema. Iwe fupi, kwa mfano hivi:

"Shikamoo Dokta. Naomba radhi kwa ukimya wangu. Nimeshayapitia maoni yako yote ya sura ya tatu na nimeanza kuyafanyia kazi. Yapo manne ambayo sijayaelewa vizuri, nimeyaorodhesha hapa chini. Naomba mwongozo wako."

Usieleze wiki saba zilikuwaje. Maelezo marefu ndiyo yanayofanya barua isiandikike, na wasimamizi wengi hutaka kujua tu kama kazi ipo hai. Usiahidi tarehe pia, hujui mwendo wako bado. Ukishafanya wiki mbili za vikao, hesabu umemaliza maoni mangapi kwa wiki, gawanya yaliyobaki, ongeza nusu juu yake, ndipo uahidi.

Njia hii ina mipaka yake. Haitakufundisha usichokijua. Ukikuta F zako zote ni za uchambuzi wa takwimu ambao hukuwahi kufundishwa, hata ukate hatua mara mia utabaki umekaa mbele ya kitu kigeni. Hapo hatua ndogo ni kumtafuta mtu wa kukufundisha, na saa unayopanga ni ya kumpigia. Haifai vilevile kama kilichokukaa si faili moja. Umesema kazini uko sawa, kwa hiyo sidhani ni wewe, lakini nalisema kwa ajili ya wanaosoma. Mtu ambaye kwa wiki kadhaa hana hamu ya chochote, hata alivyovipenda, usingizi umeharibika na kuoga kwenyewe ni mzigo, huyo anahitaji kuonana na daktari. Vilevile yule ambaye tangu utotoni haanzi wala hamalizi karibu kila kitu, kiwe kitamu au kichungu, afanyiwe tathmini. Huenda anapambana na jambo ambalo alamu hailiwezi.

Na uwezekano mmoja ambao watu huogopa kuutaja: labda hutaki tena tasnifu hiyo. Inaruhusiwa. Ila usiamue hivyo sasa, ukiwa hujafungua faili, kwa sababu huwezi kutofautisha kutoitaka na kuiogopa. Amua ukiwa na karatasi yenye idadi za R, F na U mkononi.

Leo usiku, basi, usifungue chochote. Andika ile sentensi ya mswaki kwa mkono wako, na saa yako mwenyewe badala ya yangu kama ratiba yako ni tofauti. Weka alamu mbili, ya kukaa na ya kusimama. Weka kalamu na karatasi tupu juu ya kompyuta. Kesho hesabu, kisha niandikie idadi peke yake, bila maelezo.